Mshale Unaelekea Wapi?

Karatasi ya mazoezi ya kemia kuhusu msawazo inajulikana na karibu kila aliyesoma somo hilo sekondari. Juu pameandikwa mmenyuko wenye mishale miwili, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Chini kuna jedwali. Safu ya kushoto inataja badiliko: mgandamizo umeongezwa, joto limepunguzwa, gesi fulani imeongezwa. Safu ya kulia ni tupu, na mwanafunzi anatakiwa kuandika “kulia”, “kushoto” au “hausogei”.

Wengi hujaza jedwali hilo kwa sentensi moja waliyoikariri: mfumo ukisumbuliwa, hujisogeza upande unaopunguza usumbufu huo. Ni kanuni aliyoitangaza mkemia Mfaransa Henri Le Chatelier mwaka 1884, na mara nyingi inaelekeza mshale sawasawa. Lakini karatasi nzuri haiishii kwenye mshale. Inauliza pia gesi ipi itakuwa nyingi kuliko mwanzo, rangi itakuwaje, na namba ya msawazo itabadilika au la. Hapo ndipo sentensi ya kukariri inapompotosha mtu, na ndipo hesabu fupi ya uwiano inapomsaidia.

Tuchukue mmenyuko unaopendwa sana na watunzi wa karatasi hizi kwa sababu unaonekana kwa macho:

N₂O₄ ⇌ 2NO₂

Upande wa kushoto ni dainaitrojeni tetroksidi, gesi isiyo na rangi. Upande wa kulia ni naitrojeni dayoksidi, gesi ya hudhurungi iliyokolea. Molekuli moja ya kwanza hupasuka na kuwa mbili za pili, na mbili za pili hukutana na kuwa moja tena. Kupasuka kunafyonza joto, kiasi cha kilojuli 57 kwa kila moli. Zikifungiwa pamoja kwenye chombo, gesi hizi hufika mahali ambapo kasi ya kupasuka ni sawa na kasi ya kuungana. Hakuna kilichosimama, ila kiasi cha kila gesi hakibadiliki tena. Huo ndio msawazo.

Namba inayotawala hali hiyo hupatikana hivi: chukua mgandamizo wa NO₂ peke yake, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mgandamizo wa N₂O₄. Kwenye nyuzijoto 25 za selsiasi, mgandamizo ukipimwa kwa angahewa, jibu ni karibu 0.15. Haidhuru ulianza na gesi ipi au chombo kina ukubwa gani. Joto likibaki 25, mchanganyiko utajirekebisha hadi uwiano huo urudi kwenye 0.15.

Sasa tujaze mstari wa kwanza wa jedwali: ujazo umepunguzwa hadi nusu. Tuseme bomba la sindano lililozibwa mdomo lina gesi hizi mbili zenye jumla ya mgandamizo wa nusu angahewa, na nafasi iliyobaki imejaa hewa isiyohusika. Kwa namba yetu, NO₂ ina 0.21 na N₂O₄ ina 0.29. Ukisukuma kishikio hadi ujazo uwe nusu, kabla mmenyuko haujasogea hata kidogo kila mgandamizo unakuwa maradufu: 0.42 na 0.58. Pima uwiano upya: 0.42 mara 0.42, gawa kwa 0.58, unapata 0.30. Hiyo ni kubwa mara mbili ya 0.15. Ili ishuke, kilicho juu lazima kipungue na kilicho chini kiongezeke, yaani NO₂ iungane kuwa N₂O₄. Mshale unaelekea kushoto, kwenye molekuli chache, kama kanuni ya Le Chatelier inavyosema.

Swali linalofuata ndilo gumu: rangi itakuwaje mwishoni? Mwanafunzi aliyekariri atasema itapauka kuliko mwanzo, maana NO₂ imepungua. Ukikokotoa hadi mwisho, NO₂ inatua kwenye 0.31 na N₂O₄ kwenye 0.64. Itazame safari ya gesi ya hudhurungi: ilikuwa 0.21, ikaruka hadi 0.42, ikashuka hadi 0.31. Imepauka kuliko ilivyokuwa mara tu baada ya kubanwa, lakini bado imekolea kuliko mwanzo. Mmenyuko umepunguza badiliko, haukulifuta. Mgandamizo wa gesi zote mbili nao ulitoka 0.50 ukapanda hadi 1.00, kisha ukatulia karibu na 0.95.

Hata hivyo, idadi ya molekuli za NO₂ ndani ya bomba imepungua kweli. Kilichoongezeka ni ukolezi, yaani wingi wake katika kila mililita. Tofauti hii inaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Ukilitazama bomba kwa ubavu, unene wa gesi unayoitazama haujabadilika, kwa hiyo unaona rangi iliyokolea zaidi. Ukilitazama kwa urefu, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, njia ya mwanga imekuwa fupi kwa nusu, na unaona rangi iliyopauka kuliko mwanzo. Wanafunzi wawili waliokaa pande tofauti za meza moja wanaweza kuandika majibu yanayopingana na wote wakawa wakweli. Mtunzi wa karatasi asiyesema bomba linatazamwa kutoka wapi ameacha swali lake nusu.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa katika jaribio lenyewe. Gesi ikibanwa ghafla hupata joto, na joto, kama tutakavyoona, linavuta kuelekea hudhurungi. Ndiyo maana inafaa kusubiri bomba lipoe kabla ya kuandika rangi ya mwisho. Na NO₂ ni sumu. Mtu anaweza kuivuta akajiona mzima, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye. Jaribio hili ni la mwalimu, mahali penye kifaa cha kufyonza gesi na kuitoa nje ya chumba.

Mstari wa ukolezi unafuata njia ileile. Tuseme ujazo haubadiliki, na tunaingiza N₂O₄ zaidi. Kinachoongezeka ni kigawanyo, basi uwiano unaanguka chini ya 0.15, na mmenyuko unakwenda kulia kuurudisha. NO₂ inaongezeka. Je, N₂O₄ inarudi ilikokuwa? Hapana, na sababu yake haihitaji hata kikokotoo. NO₂ sasa ni nyingi kuliko zamani, na uwiano lazima uwe uleule, kwa hiyo N₂O₄ nayo lazima iwe nyingi kuliko zamani. Sehemu tu ya ile iliyoongezwa ndiyo iliyopasuka.

Joto ni habari nyingine. Katika mistari iliyotangulia, 0.15 ilibaki imara na gesi ndizo zilizohama kuifuata. Joto likibadilika, namba yenyewe inahama. Kwa kuwa kupasuka kwa N₂O₄ kunafyonza joto, kupasha mchanganyiko kunaikuza namba ya msawazo, na kuupoza kunaipunguza. Kwenye nyuzijoto 100 inapanda hadi zaidi ya 10. Kwenye maji ya barafu inashuka karibu na 0.02. Tumbukiza kichupa cha kioo kilichozibwa ndani ya maji ya moto, rangi inakolea sana. Kihamishe kwenye barafu, inafifia hadi kubaki umanjano hafifu. Kwa hiyo safu ya jedwali inayouliza “namba ya msawazo imebadilika?” ina jibu la “ndiyo” kwenye mistari ya joto tu. Kichocheo nacho hakiigusi: kinaharakisha kwenda na kurudi kwa kipimo kilekile, msawazo unafikiwa mapema lakini mahali palepale.

Watunzi wengi huweka mstari wa gesi isiyohusika, kwa mfano agoni, na hapa maneno “mgandamizo umeongezeka” huwaangusha hata wanafunzi wazuri. Ukiingiza agoni kwenye chombo kigumu kisichotanuka, kipimo cha mgandamizo kitapanda. Lakini NO₂ na N₂O₄ zimebaki kwenye nafasi ileile, kila moja na mgandamizo wake uleule, na uwiano haujaguswa. Jibu ni “hausogei”. Ukiiingiza kwenye bomba ambalo kishikio chake kinateleza chenyewe ili mgandamizo wa jumla usibadilike, gesi zetu zinapata nafasi kubwa zaidi, ni kama zimetanuliwa, na mmenyuko unakwenda kulia. Kitendo ni kimoja, majibu ni mawili, na kinachoyatenganisha ni kama chombo kinatanuka au hakitanuki.

Kuna kisa kimoja ambacho sentensi ya Le Chatelier, kama inavyokaririwa, inashindwa kabisa. Ni mmenyuko wa kutengeneza amonia kwa ajili ya mbolea:

N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃

Muulize yeyote: ukiongeza naitrojeni, mshale unaelekea wapi? Atajibu “kulia”, amonia iongezeke. Sasa tuseme kwenye msawazo kila molekuli 100 zina naitrojeni 60, haidrojeni 20 na amonia 20. Tunaongeza naitrojeni 20 huku chombo kikitanuka ili mgandamizo wa jumla ubaki uleule. Jumla ni 120. Sehemu ya naitrojeni imepanda kutoka 0.60 hadi 0.67, lakini haidrojeni na amonia zimezimuliwa, kila moja kutoka 0.20 hadi 0.167.

Katika uwiano wa mmenyuko huu, amonia iko juu na inazidishwa kwa yenyewe mara moja. Haidrojeni iko chini pamoja na naitrojeni, nayo inazidishwa kwa yenyewe mara mbili. Hivyo kuzimuliwa kwa haidrojeni kunaumiza zaidi. Ukifanya hesabu, kilicho juu kinabaki asilimia 69 ya kilivyokuwa, na kilicho chini asilimia 64. Uwiano umepanda kwa takriban asilimia 8, na ili ushuke lazima amonia ivunjike. Mshale unaelekea kushoto. Tumeongeza malighafi na tumepoteza bidhaa.

Hili hutokea pale ambapo naitrojeni ni zaidi ya nusu ya mchanganyiko na mgandamizo wa jumla haubadiliki. Ikiwa chini ya nusu, nyongeza ndogo ya naitrojeni inapeleka mshale kulia kama kawaida, na kwenye chombo kisichotanuka inaupeleka kulia kila mara. Swali linalosema tu “naitrojeni imeongezwa” halijampa mwanafunzi anachohitaji ili ajibu.