Punguzo la saa 48 na chupa ya vitamini C

Barua yenyewe ni fupi, hata maneno mia haifiki. Imeingia Ijumaa asubuhi, na kichwa chake kinasema: "Ni mpya! Seramu ya Vitamini C, punguzo la 30% kwa saa 48 tu". Ukiifungua unakuta picha ya chupa ya kioo cheupe kinachopenyesha mwanga, ahadi ya "ngozi angavu na madoa kufifia", bei ya shilingi 65,000 iliyopigwa mstari, bei ya 45,500 kwa wino mwekundu, saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na kitufe kikubwa cha "Nunua Sasa". Barua hii nimeitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa zile zinazomiminika kila wiki, ili nisimtaje muuzaji yeyote. Ila kila kilichomo utakikuta kwenye kikasha chako.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote. Seramu ni mpya. Jana haikuwapo dukani. Sasa hiyo 65,000 iliyopigwa mstari ililipwa na nani, na lini? Bidhaa inayozaliwa ikiwa tayari ina punguzo haina bei ya zamani. Ina bei moja tu, ambayo ni 45,500, pamoja na namba nyingine iliyowekwa pembeni ili hiyo ya kwanza ionekane ndogo. Huenda wiki ijayo itauzwa 65,000 kweli, na hapo aliyewahi atakuwa amenufaika. Huenda pia mwezi ujao italetwa na "ofa ya sikukuu" kwa 42,000. Nchi za Umoja wa Ulaya zililiwekea jambo hili sheria iliyoanza kutumika Mei 2022: anayetangaza punguzo sharti aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizotangulia. Mnunuzi wa Dar au Mombasa anayetaka kipimo kama hicho ajipimie mwenyewe: aulize duka la pili chupa ya ujazo huohuo na kiasi hichohicho cha vitamini inauzwaje, kisha agawanye bei kwa mililita. Seramu yetu ni ya mililita 30, kwa hiyo kila mililita ni kama shilingi 1,517. Hiyo ndiyo namba ya kulinganishia. Asilimia 30 haikuambii lolote.

Chini ya kitufe kuna mstari mwembamba: "Usafirishaji bure kwa manunuzi ya 80,000 na kuendelea." Uko Dodoma, na nauli ya mzigo ni 7,000. Ukichukua seramu peke yake unalipa 52,500. Ukitaka kuikwepa ile 7,000, inabidi uongeze bidhaa za 34,500. Watu wengi huongeza. Sabuni ambayo hawakuwa na haja nayo inaingia kikapuni, na jioni wanasimulia kwamba wamesafirishiwa bure.

Ile saa inayorudi nyuma nayo ina siri yake. Barua pepe haiwezi kubeba saa ya kweli. Unachokiona ni picha inayotengenezwa na kompyuta ya mbali pale unapoifungua barua. Muuzaji anaweza kuiamuru ihesabu kuelekea saa moja kwa wateja wote, na huyo anasema kweli. Anaweza pia kuiamuru ianze upya kwa kila anayefungua, hivyo aliyefungua Ijumaa na aliyefungua Jumapili wote wakaambiwa wamebakiwa na saa 47. Kupima ni rahisi. Subiri muda uishe, kisha ingia dukani bila kupitia ile barua. Kama bei bado ni 45,500, umeshamjua muuzaji wako.

Kitufe nacho kinafanya kazi mbili. Kiungo kilicho nyuma yake mara nyingi kina mkia kama huu:

```
?utm_source=newsletter&utm_medium=email&utm_campaign=serum48
```

Mkia huo unamwambia mwenye duka kuwa mteja ametoka kwenye barua, tena kwenye barua ipi. Mara nyingi kiungo hubeba pia namba yako binafsi, kwa hiyo ukibofya bila kununua, Jumamosi jioni unaletewa ya pili: "Saa zako za mwisho!" Zamani wauzaji walitegemea kakipicha kasikoonekana ili kujua nani amefungua barua. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple huwa inaweza kuzipakua picha zote yenyewe, hata kama mwenye simu hajasoma kitu, na hesabu ya waliofungua ikaharibika. Ndiyo maana siku hizi kubofya kuna thamani kubwa kwao kuliko kufungua.

Hayo yote lakini ni ya mfukoni. Lililo kubwa zaidi limo ndani ya chupa, na barua haikulisema kabisa.

Vitamini C iliyofanyiwa utafiti mwingi kwa ajili ya ngozi ni asidi askobiki. Ni kitu kizuri, lakini kina hulka ngumu. Mwaka 2001 daktari wa ngozi Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake walionyesha kwamba asidi hiyo haipenyi ngozi vizuri mpaka kimiminika chake kiwe na uchachu wa pH chini ya 3.5, na kwamba kuipandisha kupita asilimia 20 hakuongezi faida. Kwa hiyo seramu ya "30%, kali kuliko zote" huenda ikakuwasha zaidi, lakini si lazima ikusaidie zaidi. Baadaye watafiti hao waligundua kwamba asilimia 15 ya vitamini C, ikiungana na asilimia 1 ya vitamini E na nusu asilimia ya asidi feruliki, hudumu zaidi na huilinda ngozi na jua vizuri zaidi. Mchanganyiko huo unaigwa na viwanda vingi mpaka leo.

Barua yetu imesema "Vitamini C" ikanyamaza. Fungua ukurasa wa bidhaa utafute orodha ya viambato. Kwa desturi iliyoenea duniani, viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Vilivyo chini ya asilimia 1 ndivyo vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Sasa tafuta jina `Phenoxyethanol`. Hiki ni kihifadhi kinachotumika sana, na sheria za Ulaya hazikiruhusu kupita asilimia 1. Basi kwa bidhaa inayofuata sheria hizo, kila kilichoandikwa baada yake hakizidi asilimia 1. Ukiona `Ascorbic Acid` iko ya pili, mara tu baada ya maji, una seramu ya vitamini C. Ukiiona imejibanza mwishoni, baada ya kihifadhi na manukato, una maji yenye jina zuri.

Huenda pia ukakuta `Sodium Ascorbyl Phosphate` au `Ascorbyl Glucoside`. Hawa ni ndugu wa vitamini C. Ni wapole kwa ngozi inayowasha na hawaharibiki haraka, lakini ushahidi wa kazi yao kwenye ngozi ya binadamu ni mdogo kuliko wa asidi askobiki yenyewe. Si ulaghai kuwauza. Kosa ni kuwauza kwa kunukuu sifa za ndugu yao.

Turudi kwenye ile chupa ya kioo. Asidi askobiki ikikutana na hewa, mwanga na joto huanza kuoza kikemikali. Seramu mbichi huwa haina rangi, au ina unjano hafifu kama wa majani makavu. Ikiharibika hugeuka njano iliyokolea, kisha rangi ya chungwa, mwisho kahawia kama chai ya rangi. Ndiyo sababu mtengenezaji anayejua kazi yake huiweka kwenye chupa nyeusi au ya kahawia, na aliye makini zaidi hutumia pampu isiyoingiza hewa badala ya kidondoshi unachofungua kila asubuhi. Chupa angavu hupendeza pichani, lakini mimi huihesabu kuwa dosari. Ongeza safari: kifurushi kinapakiwa kwenye basi la Mwanza, kinashinda kutwa kwenye buti lenye joto, kisha kinalala ofisini kusubiri mwenyewe. Siku ya kwanza kuipokea, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni na uipige picha. Picha hiyo itakusaidia baada ya mwezi, kwa sababu macho huzoea mabadiliko ya polepole na baadhi ya seramu zina unjano wake tangu kiwandani.

Hapo ndipo hesabu ya saa 48 inapopinduka. Ukitumia nusu mililita kila asubuhi, ambayo inatosha uso na shingo, chupa ya mililita 30 ni ya siku 60. Barua ikikushawishi uchukue mbili, ya pili itakaa miezi miwili kabla ya kufunguliwa na miwili mingine ikitumika. Jumla ni miezi minne tangu ikufikie, bila kuhesabu muda ilioketi ghalani. Kitu unachohitaji kujua kabla ya kulipa ni tarehe ya kutengenezwa, na sijawahi kuiona imeandikwa kwenye barua ya ofa. Kama huna budi kuchukua mbili, ya akiba ikae kwenye friji, gizani, ikiwa imefungwa barabara.

Kuhusu madoa, tuwe wakweli. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa takriban wiki nne, na doa la chunusi kwenye ngozi nyeusi linaweza kuchukua miezi. Anayeahidi weupe ndani ya siku 7 hauzi vitamini C. Huenda anauza zebaki au haidrokwinoni, na hapo punguzo lolote ni hasara. Hata seramu nzuri bila losheni ya kukinga jua ni kazi ya bure, maana jua lilelile linalirudisha doa.

Kama barua zimekuchosha, watumaji wakubwa wanaowaandikia watumiaji wa Gmail na Yahoo wamelazimika tangu mwaka 2024 kukupa njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Itumie kwa muuzaji unayemfahamu. Kwa usiyemfahamu usibofye chochote ndani ya barua. Iweke kwenye taka.

Lakini kama seramu umeipenda kweli, bonyeza kitufe cha kujibu kabla hujabonyeza cha kununua, uulize matatu: ina asilimia ngapi ya asidi askobiki, pH yake ni ngapi, na imetengenezwa lini. Muuzaji makini atakujibu siku hiyohiyo. Ukijibiwa "wahi mpenzi, zimebaki chache", usinunue.