Kitanda cha Saa 20 Kinachochukua Wiki 5

Mteja anayeagiza kitanda cha futi tano kwa sita katika karakana za Keko, Dar es Salaam, kwa kawaida hulipa nusu, huahidiwa wiki mbili, na wiki ya tatu ikiingia huanza kupiga simu. "Fundi, kitanda changu vipi?" "Kipo kwenye msasa, mama. Jumamosi unachukua." Jumamosi inapita. Mteja anaondoka na imani kwamba maseremala wote ni waongo, ilhali mara nyingi fundi hakudanganya. Alikadiria kazi iliyobaki kwenye kitanda kile, na kwa kweli ilikuwa ya siku moja au mbili. Ambacho hakukihesabu ni foleni iliyokuwa mbele yake.

Kuna mchoro mmoja unaoifanya foleni hiyo ionekane. Toyota waliuchora kwa miaka mingi ndani ya viwanda vyao bila kuufanyia makeke. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Mike Rother na John Shook, ambaye alikuwa ameajiriwa na Toyota huko Japani, waliueleza kitabuni ukaenea duniani. Unaitwa ramani ya mtiririko wa thamani. Kiwanda cha mfano walichokitumia kilichukua zaidi ya siku 23 kutoa bidhaa ambayo kazi yenyewe juu yake ilikuwa ya sekunde 188. Msomaji akidhani hayo ni mambo ya viwanda vikubwa vya magari, na aingie karakana yoyote ya samani ahesabu fremu zilizoegemezwa ukutani.

Tuchukue karakana ya mfano, ya aina inayopatikana Keko au kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi: bosi, mafundi watatu na kibarua mmoja. Wanatengeneza vitanda, na kwa wastani hutoa vitanda 6 kwa wiki ya siku 6, yaani kimoja kwa siku. Oda nazo huingia kwa kasi hiyo hiyo. Kazi nyingine ndogondogo, kama kurekebisha mlango au kubadilisha mguu wa meza, huchomekwa katikati.

Ramani huchorwa kwa penseli kwenye karatasi kubwa, na anayechora hutembea kwa miguu akianzia mlangoni samani zinakotokea, kisha anarudi nyuma hadi kwenye rundo la mbao na daftari la oda. Kuanzia mwishoni kuna sababu yake. Akianza na mbao, ataishia kuandika jinsi kazi inavyotakiwa kwenda. Akianza pale mteja anapopokea, kila hatua inamlazimu aulize kitu hiki kilisubiri nini kabla ya kufika hapa. Haulizi ofisini, anahesabu kwa macho. Kila kituo cha kazi anakichorea kisanduku na kuandika saa za kazi kwa kitanda kimoja. Kila mahali vitu vinaposubiri anaweka pembetatu na idadi ndani yake.

Visanduku vya karakana yetu vinasomeka hivi: kukata na kuranda saa 3, kuchonga ndimi na matundu saa 7, kuunga kwa gundi saa 2, kupiga msasa saa 4, vanishi saa 3, kufunga chaga na kumalizia saa 1. Jumla ni saa 20, kama siku mbili na nusu za kazi. Gundi ikauke usiku mmoja na vanishi usiku mwingine; basi.

Pembetatu zina habari nyingine. Oda 3 zimo kwenye daftari, hazijanunuliwa mbao. Mbao za vitanda 4 zimeshushwa lakini hazijarandwa. Vipande vya vitanda 9 vimerandwa vinasubiri kuchongwa. Fremu 2 zinasubiri msasa, 7 zinasubiri vanishi, na vitanda 3 vimekamilika vinasubiri gari au mteja. Viwili viko mikononi mwa mafundi wakati huo. Ukijumlisha, ni vitanda 30.

Hapa ndipo hesabu moja rahisi inapoeleza karibu kila kitu. John Little aliithibitisha mwaka 1961: kwa wastani, muda ambao kitu hukaa ndani ya mfumo ni idadi ya vitu vilivyomo, ukigawa kwa vinavyotoka kila siku. Vitanda 30 vikiwa ndani na kimoja kikitoka kila siku, oda inayoandikwa leo itakabidhiwa baada ya siku 30 za kazi. Wiki 5. Bosi hakuhitaji kumsubiri mteja alalamike ili ajue hilo. Alihitaji kuhesabu tu. Na ahadi ya wiki mbili ilikuwa haiwezekani tangu siku ilipotamkwa.

Jambo la kwanza ambalo wenye karakana hufikiria ni kuongeza kasi ya mikono: wanunue mashine ya randa, au wamkemee fundi wa msasa. Ramani inaonyesha kwa nini hilo halitafika mbali. Hata kuranda kukipunguzwa kutoka saa 3 hadi saa 1, mteja ataokoa saa 2 kati ya siku 30, na rundo la vipande 9 litageuka kuwa 12. Mashine mpya mahali pasipo na shida huongeza foleni ya jirani yake.

Pa kuulizia ni kwenye pembetatu kubwa. Kwa nini fremu 7 zinasubiri vanishi? Kwa sababu anayepuliza si mfanyakazi wa pale. Ni fundi wa kukodi mwenye kompresa yake, na huja Ijumaa tu. Fremu iliyomaliza msasa Jumamosi inamsubiri karibu wiki nzima. Zaidi ya hapo, msasa na vanishi viko chini ya paa moja, na vumbi likitua juu ya vanishi mbichi uso unakuwa na chembechembe. Kwa hiyo siku ya kupuliza, msasa unasimama. Ukienda kwenye rundo la vipande 9 unakuta sababu tofauti. Mashine ya randa ni ya jirani na hulipiwa, basi bosi hupeleka mbao za wiki nzima kwa mpigo mmoja, kwa kuwa kumlipa mkokoteni mara moja ni nafuu kuliko mara tatu.

Kuna sababu ya tatu, nayo haiandikwi kwenye karatasi mpaka bosi aseme ukweli. Malipo ya awali ya mteja mpya ndiyo yanayonunua mbao za mteja wa zamani. Ili fedha iingie lazima oda mpya ipokelewe, na mteja akija kuchungulia lazima aone mbao zake zimeguswa. Kwa hiyo vitanda vingi huanzwa kuliko vinavyomalizwa, na fedha ya karakana inalala ukutani kwa sura ya fremu. Ukiondoa oda 3 za daftarini, karakana hii imefungia mbao za vitanda 27.

Ramani ya pili ndiyo ya kazi: jinsi karakana itakavyokuwa. Fundi wa vanishi anaombwa aje Jumanne na Ijumaa badala ya Ijumaa peke yake, hata kama kila safari ina vitanda vichache. Pembe moja inazungushiwa turubai la nailoni linalofika chini, ili msasa usisimame. Mbao zinapelekwa kurandwa mara mbili kwa wiki. Kisha unawekwa ukomo: shubaka la vipande vilivyorandwa lina nafasi 3 zilizopigwa mstari wa rangi, na zikijaa hakuna anayeranda. Aliyekuwa akiranda anahamia kwenye msasa. Hesabu mpya inalenga oda 2 daftarini, mbao 2, vipande 3, fremu 1 kwenye msasa, 3 kwenye vanishi, 2 vilivyokamilika na 2 mikononi. Jumla 15, yaani wiki mbili na nusu.

Lakini hapa wengi hujikwaa, na inafaa kwenda polepole. Bosi akiweka ukomo leo na oda zikaendelea kuingia 6 kwa wiki huku vikitoka 6, vitanda ndani ya karakana vitapungua kweli, sakafu itaonekana safi, na oda zitarundikana daftarini. Jumla itabaki 30. Mteja atangoja wiki 5 zile zile, ila sasa atangoja kwenye karatasi. Ukomo peke yake haufupishi muda wa mteja. Unahamisha tu mahali pa kusubiri. Ili 30 iwe 15, vitanda 15 lazima vitoke zaidi ya vinavyoingia.

Nguvu hiyo ipo. Vitanda 6 kwa saa 20 ni saa 120 kwa wiki, na watu wanne wakifanya saa 8 kwa siku 6 wana saa 192. Zilizobaki, ukiacha zile kazi ndogondogo, huliwa na kuhamisha rundo ili kufikia rundo lililo nyuma yake, kutafuta upande wa kitanda uliochanganyika na wa mtu mwingine, na kusimama siku ya vanishi. Vanishi ikiwa mara mbili na mwenye randa akisaidia msasa, kufikisha vitanda 8 kwa wiki hakuhitaji miujiza. Vikitoka 8 na kuingia 6, ziada ni 2, na vitanda 15 vitaondoka kwa wiki 7 au 8. Katika wiki hizo bosi anapaswa kukataa kishawishi cha kujaza pengo kwa oda za haraka. Kila kitanda kinachokabidhiwa kinaleta salio la mteja, na hilo ndilo linalochukua nafasi ya malipo ya awali katika kununua mbao.

Si kila kusubiri ni kwa kukatwa. Mbao mbichi ikirandwa haraka itajikunja baada ya kuunganishwa, na kiungo kitaachia nyumbani kwa mteja. Ukavu wa mbao ni wa kusubiriwa kabla ya randa, na ni bora karakana iweke akiba ndogo ya mbao kavu za saizi zinazotumika kila kitanda, kama za chaga, kuliko kuubana muda huo. Vanishi nayo ina ukaidi wake. Wakati wa masika, hewa ikijaa unyevu, aina zinazokauka haraka hupata ukungu mweupe, na kitanda hurudi kwenye msasa. Kila kinachorudi hupita kituo hicho mara mbili, kwa hiyo wiki za mvua hesabu ya 8 itashuka na ahadi kwa mteja irefushwe tangu mwanzo.

Sofa zinahitaji karatasi yake. Pale fremu ya mbao huisha mapema, na pembetatu kubwa huwa kwenye kitambaa ambacho mteja bado hajachagua rangi.