Dola 200 Kwenda Likoni: Ada, Kiwango na Siku ya Kufika

Kila mwisho wa mwezi, Waswahili walioko Marekani hufungua programu ya simu na kuwatumia wazazi fedha. Wengi hutazama kitu kimoja tu: ada. Wakiona imeandikwa sifuri, wanabonyeza. Nao wazee, kule wanakopokea, hawana la kulinganisha. Fedha zikiingia wanashukuru Mungu, hata kama zimepungua njiani bila mtu yeyote kujua.

Kampuni ya kutuma fedha hupata pato lake kwa njia mbili. Ya kwanza ni ada, ambayo huonekana. Ya pili ni kiwango cha kubadilisha fedha, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Kampuni hununua shilingi kwa bei ya soko, kisha hukuuzia wewe kwa bei yake. Tofauti kati ya bei hizo mbili ni gharama yako sawasawa na ada, ila haijaandikwa hivyo.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja. Kijana anafanya kazi ya kutunza wazee huko Dallas, na mama yake anaishi Likoni, Mombasa. Ametenga dola 200 na hana hata senti ya ziada. Tuseme siku hiyo dola moja inauzwa sokoni kwa shilingi 129 za Kenya. Kama hakungekuwa na gharama yoyote, mama angepata shilingi 25,800.

Kampuni ya kwanza haitozi ada, lakini inampa shilingi 125 kwa kila dola. Dola zake 200 zinakuwa shilingi 25,000. Kampuni ya pili inatoza ada ya dola 3, ila kiwango chake ni shilingi 128.50. Ada ikishatolewa zinabaki dola 197, nazo ni shilingi 25,314. Kwa hiyo ile inayotoza ada ndiyo inayomfikishia mama fedha nyingi zaidi, kwa shilingi 314. Ile isiyotoza ada imekata shilingi 800, zaidi ya dola 6, kupitia kiwango peke yake.

Hesabu hii haisemi kwamba kila kampuni isiyo na ada ni ghali. Kuna zinazotoa kiwango kizuri kwa mteja mpya, mara ya kwanza tu, kisha mwezi unaofuata kiwango kinashuka kimyakimya. Ndiyo maana mtu aliyelinganisha mara moja mwaka juzi hana hakika kwamba bado yuko mahali pazuri. Cha kufanya ni kuandika kiasi kitakachotoka mfukoni mwako, chote pamoja na ada, kisha utazame shilingi ngapi zitamfikia mpokeaji. Fanya hivyo kwenye kampuni mbili au tatu, saa ileile, kwa sababu kiwango hubadilika. Bei ya soko ya siku utaipata kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, au Benki Kuu ya Tanzania kwa wanaotuma huko.

Kuna na gharama ya upande wa nyumbani. Fedha zikiingia M-Pesa, mama akienda kwa wakala kuzitoa atakatwa, na kwa shilingi elfu ishirini na tano makato hayo yanakaribia shilingi 200. Kampuni ya Dallas haihesabu hizo. Watu wa nyumbani wanalijua hili vizuri, ndiyo maana utasikia, "Mwanangu, hukuweka ya kutolea." Kama fedha ni za karo au umeme, basi mama azilipe moja kwa moja kutoka kwenye simu, asizitoe kwanza kuwa noti.

Jinsi unavyolipa huko Marekani nako kuna bei yake. Kadi ya mkopo ndiyo ya kuepuka, kwani benki nyingi huhesabu malipo hayo kama umechukua fedha taslimu kwa mkopo, zikakutoza ada na riba kuanzia siku hiyohiyo. Tangu Januari 1, 2026, sheria ya Marekani pia inatoza kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma nje kwa kulipa fedha taslimu dukani. Kwa dola 200 hizo ni dola 2. Anayelipa kutoka akaunti yake ya benki, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hatozwi kodi hiyo.

Tuje kwenye muda. Matangazo husema dakika chache, na mara nyingi ni kweli, lakini dakika hizo huanza kuhesabiwa baada ya kampuni kuzipata fedha zako na kumaliza ukaguzi wake. Ukilipa kwa kadi ya benki, kampuni huziona papo hapo. Ukiruhusu zivutwe kutoka akaunti, huenda zikachukua siku moja hadi tatu za kazi. Aliyetuma Ijumaa usiku kwa njia hii asimwahidi mama kwamba Jumamosi asubuhi ataenda sokoni. Ukaguzi nao huwa mrefu unapotuma kwa mara ya kwanza, au unapotuma kiasi kikubwa kuliko kawaida yako. Hapo utaombwa kitambulisho, pengine na hati ya mshahara, na fedha hazisogei mpaka ujibu.

Kizuizi kingine kiko Likoni kwenyewe: jina. Wazee wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu au jirani. Jina ulilojaza likitofautiana na lile la laini, kampuni inaweza kusimamisha fedha au kuzirudisha. Kabla ya kutuma kwa mara ya kwanza, mwambie mama amtumie mtu shilingi kumi, kisha asomewe jina linalotokea kwenye simu ya huyo mtu. Andika majina kama yanavyosomeka pale. Kama mama atachukua fedha taslimu dirishani, majina yalingane na kitambulisho atakachobeba, maana karani hatampa kwa kumwonea huruma.

Wanaotuma kutoka Marekani wana kinga ambayo wengi hawaitumii. Tangu mwaka 2013, kampuni inalazimika kukuonyesha, kabla hujalipa, ada, kiwango, kiasi kitakachopokelewa na tarehe ambayo fedha zitakuwa tayari. Baada ya kulipa una dakika 30 za kufuta na kurudishiwa kila kitu pamoja na ada, mradi mpokeaji hajazichukua. Tarehe iliyo kwenye risiti ikipita na fedha hazijafika, una siku 180 za kulalamika, na kampuni ina siku 90 za kuchunguza. Lakini kama wewe ndiye uliyekosea namba, au fedha zilizuiwa kwa ukaguzi wa utapeli, kuchelewa huko huenda kusihesabiwe kuwa kosa lao.

Kwa hiyo usifute risiti. Ipige picha, na umtumie mama kiasi cha shilingi kilichoandikwa pale kabla fedha hazijafika. Akipokea pungufu, akupigie siku ileile, nawe uwapigie kampuni ukiwa na namba ya muamala mkononi.