Pindo Kwanza, Jina Mwisho

Mikono miwili ya mwanamke imeshika kifurushi cha nailoni kilichozungushiwa gundi ya karatasi. Upande wa chini nailoni imechanika kidogo, na katika mpasuko ule yanasomeka maneno mawili ya herufi kubwa: MGENI NJOO. Kifurushi kinageuzwa, maneno yanapotea, na mtazamaji hayaoni tena mpaka sekunde ya 34 ya video yenye sekunde 45.

Mpasuko ule haukutokea njiani. Mwuzaji aliukata mwenyewe kwa wembe kabla ya kuwasha simu.

Ni mzaliwa wa Quiterajo, kaskazini mwa Msumbiji, kusini kidogo ya mahali mto Messalo unapoingia baharini. Aliondoka kama wengi wa pwani ile, kwa mashua, na sasa anaishi Paquitequete mjini Pemba, ambako mwaka 2020 mashua za waliokimbia vita zilikuwa zikishusha watu ufukweni. Ameomba jina lake lisiandikwe. Anauza kanga zinazovuka Ruvuma kutoka Tanzania. Wateja wake ni ndugu na majirani waliotawanyika Pemba, Montepuez na Nampula, pamoja na wachache waliorudi nyumbani. Duka lake liko kwenye simu: anatuma video WhatsApp, analipwa kwa M-Pesa au e-Mola, na mzigo unapanda basi dogo la chapa.

Video za kufungua mzigo zimezoeleka kwa simu mpya na viatu, na mpangilio wake ni sanduku, kifuniko, kitu. Kanga haina sanduku. Mwanamke huyu anasema hilo halikumpa shida hata siku moja, kwa sababu kanga imekuja na mpangilio wake. Kuna pindo, ule mkanda unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, uwanja wa kati wenye picha au nakshi. Na kuna jina, maneno yaliyochapwa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Ukiikunja vizuri, kila mkunjo unaofunguka unatoa sehemu moja. Skripti yake, iliyoandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule, haina zaidi ya hayo: pindo, kona, mji, mgongo, jina, bei.

Kazi inaanza usiku wa kabla. Mzigo wa kweli anaufungua peke yake, bila simu, anaikagua doti nzima kwenye mwanga, kisha anaikunja upya. Kiwandani kanga hukunjwa ili ipangike kwenye rafu, na ukiifungua mbele ya kamera hivyo hivyo, mara nyingi jina hutokea limepinduka kichwa chini, au hutokea la kwanza kabisa na kumaliza hamu yote. Yeye anaikunja jina likiwa ndani, chini, likiangalia upande wake, na pindo likiwa nje. Halafu anairudisha kwenye nailoni na kuifunga gundi upya.

Je, kufungua mbele za watu kitu ulichokwisha kukifungua jana si kuwahadaa? Aliulizwa hivyo, akasema mzigo wa mteja haufungui kamwe. Anaoufungua ni wake, wa mfano, na asingethubutu kuonyesha doti ambayo hajaipitia kutafuta tundu. Jibu lina uzito. Hata hivyo yale maneno anayoyasema mwanzoni mwa video, “tuone pamoja wametuletea nini”, yanabaki kuning'inia, na msomaji anaweza kuyapima mwenyewe.

Sekunde tatu za kwanza ni za kifurushi tu. Sababu anayoitoa ni bando: wengi wa wateja wake wananunua megabaiti chache, na wanaamua haraka kama wataendelea kutazama. Kwa hiyo kunakuwa na mkono, ili ukubwa uonekane, na yale maneno mawili kwenye mpasuko. Mtu wa pwani akiona MGENI NJOO hawezi kujizuia, anamalizia. Majibu huanza kuingia kwenye simu yake, watu wakiandika MWENYEJI APONE, wengine kwa mzaha wakibadilisha. Kwa kanga yenye jina jipya, lisilo methali inayojulikana, hafanyi hivyo. Hapo anakata mpasuko mdogo zaidi, herufi moja au mbili, kwa sababu jina jipya likishajulikana halina cha kumshikilia mtu.

Kutoka sekunde ya tatu mpaka ya kumi anachana nailoni. Hapa hasemi neno. Nailoni ikichakacha karibu na kipaza sauti cha simu inameza sauti ya mtu, na anayetazama hapati maneno wala hausikii vizuri mchakacho wenyewe, ambao yeye anaamini watu wanaupenda. Anazungumza kabla ya kuchana au baada, na anarekodi chumbani, dirisha la upande wa bahari likiwa limefungwa, maana upepo wa Paquitequete ukigusa simu unasikika kama ngurumo.

Kisha linatoka pindo, na hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko mahali pengine.

Picha ya karibu ya kanga nyekundu ni mtego. Kamera ya simu inajirekebisha rangi yenyewe: ikiona kitambaa chekundu kimejaza kioo chote, inadhani mwanga ndio mwekundu, inaupoza, na kanga inatokea ya chungwa au iliyopauka. Mteja akipokea mzigo anasema ameletewa nyingine. Dawa yake ni karatasi nyeupe ya daftari. Anaiweka juu ya kitambaa, anabonyeza kioo na kushikilia kidole mpaka simu ifunge mwanga na ukali wa picha, ndipo anaivuta karatasi pembeni. Si kila simu inafunga na rangi pia, kwa hiyo anaacha mkono wake uonekane kwenye kila picha ya karibu. Ngozi ya mtu, anasema, haidanganyi: mkono ukionekana wa kijivu au wa njano, rangi ya kanga nayo ni ya uongo, na video inarudiwa. Anapiga asubuhi, kitambaa kikiwa karibu na mlango ulio wazi lakini nje ya jua lenyewe.

Umbali nao una kanuni yake. Simu yake ina lenzi ya ziada iliyoandikwa kuwa ni ya vitu vidogo, na aliiacha mapema kwa sababu picha yake ni ya ukungu. Anatumia kamera kuu, anarudi nyuma mpaka nyuzi zionekane kali, halafu anakuza mara mbili. Mapindo yenye vidoto vidogo sana huleta mawimbi yanayocheza kwenye kioo, ambayo kwenye kitambaa hayapo. Akiyaona anasogeza simu mbele au nyuma kidogo, au anaiinamisha, mpaka yatulie.

Kwenye kona, pindo linapokutana na mji, anakaa sekunde nane nzima. Ndipo uchapaji unapojisema. Kila rangi huchapwa kwa zamu yake, na zamu moja ikiteleza, mstari mweusi unaacha mpaka wake na uzi mweupe unabaki katikati. Kanga za bei ndogo zina kasoro hiyo mara kwa mara. Yeye anaionyesha, kidole kikiwa pale pale, na kutamka kwamba ndiyo sababu ya bei kuwa hiyo. Halafu anachovya kitambaa cheupe kwenye maji na kusugua pembeni, pahali penye rangi nzito. Kikitoka na rangi, anakiinua mbele ya kamera na kumwambia mteja aifue peke yake mara za kwanza. Jaribio la tone la maji, lile la kusema pamba hunywa na nailoni huacha tone limesimama, amelikataa. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, na hata pamba safi inaweza kuchelewa kunywa, na video ingeisingizia.

Mji unafunguliwa sekunde ya 24. Tatizo ni umbo: kanga moja ina upana wa karibu mita moja na nusu na kimo cha mita moja na kidogo, yaani imelala, na simu imesimama. Ukirudi nyuma ili iingie yote, inakuwa mkanda mdogo katikati ya kioo. Alijaribu kamba ya nguo, akajaribu mkeka. Mwishowe alimwita jirani.

Jirani amejifunga moja na kujitanda nyingine, uso hauonekani, na mtu aliyevaa amesimama wima kama simu ilivyo. Anakaa hivyo, akielekea ukutani, mji ukijaza kioo. Kisha, sekunde ya 34, kamera inashuka mpaka kiunoni na jina linasomeka nyuma, mahali ambapo jina la kanga limekuwa likisomwa siku zote: na anayebaki, mwenye kanga akiwa amekwisha kupita. Mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”, anatajwa mara nyingi miongoni mwa waliolipatia jina nafasi yake kwenye kitambaa, na tangu hapo wanawake wamekuwa wakisemezana kwa migongo. Mwanamke wa Quiterajo hakuhitaji kuelezwa hilo na mtu yeyote.

Vazi lina mikunjo, na mkunjo mmoja tu unaweza kula herufi. Jirani anaivuta kanga kwa mikono miwili, na simu inapita kushoto kwenda kulia kwa mwendo wa mtu anayesoma kwa sauti bila haraka, kama sekunde sita kwa maneno manne. Sauti ya mwuzaji inasoma pamoja na kamera, kwanza Kiswahili cha kwenye kanga, kisha maana yake kwa Kimwani. Kwa wateja wa Nampula wasioelewa hata kimoja, anaongeza ujumbe wa sauti kwa Kimakua, uliorekodiwa na mtu mwingine. Bei anaitamka pia, kwa kuwa kuna akina mama wasiosoma, na anataja doti ngapi zimebaki.

Swali ambalo hajalimaliza ni la wale wanaoacha kutazama katikati. Kanga nyingi hununuliwa kwa ajili ya jina: ni zawadi ya harusi, ni pole, ni kijembe kwa jirani. Mteja anayetafuta neno la kumpelekea wifi hataki kungoja sekunde 34 za pindo na kona. Mwuzaji amejaribu kutuma picha ya jina peke yake kabla ya video, na anakiri kwamba siku hizo majibu ya kumalizia methali hayaji. Kama mauzo yalipungua au yaliongezeka, hawezi kusema, kwa sababu siku zile zile mtandao ulikatika.

Jambo moja video yake haionyeshi, na analitaja mwenyewe. Doti ni kanga mbili zilizoungana, na kinachopigwa picha ya karibu ni kona ya moja. Nusu ya pili inaweza kuwa na rangi iliyofifia au mstari ulioteleza. Anayenunua kanga kwa simu, kwake au kwa mwingine, na aombe picha ya nusu ya pili kabla ya kutuma pesa.