Tone la Zambarau na Namba ya Chupani

Ukiingia saluni yoyote inayopaka rangi za nywele utaikuta chupa nyeupe iliyoandikwa 20, 30 au 40. Wasusi huiita devolopa. Kiini chake ni haidrojeni peroksaidi iliyozimuliwa kwa maji, na ndiyo inayopausha nywele nyeusi hadi zikubali rangi nyingine. Namba hiyo huitwa volumu. Volumu 20 maana yake ni kwamba peroksaidi iliyomo katika lita moja ya dawa, ikivunjika yote, itatoa lita 20 za gesi ya oksijeni. Kwa asilimia, volumu 10 ni kama 3, volumu 20 ni 6, na volumu 40 ni 12.

Tatizo ni kwamba namba hiyo inaeleza hali ya dawa ilipotoka kiwandani. Peroksaidi huvunjika yenyewe polepole ikawa maji na oksijeni. Joto huiharakisha, mwanga pia, na chembe za kutu au vumbi humaliza kazi upesi zaidi. Oksijeni inapotoka, kinachobaki ni maji, kwa hiyo chupa iliyochoka hufanana kabisa na chupa mpya: rangi ileile, uzito karibu uleule. Msusi huona tu kwamba nywele hazipauki, akaiacha dawa kichwani muda mrefu zaidi, au akachukua ya volumu 40 iliyo nzima na kumuunguza mteja ngozi ya kichwa.

Njia ya kujua nguvu iliyobaki si ngeni kwa aliyefanya mazoezi ya kemia sekondari. Ni titresheni, yaani kudondosha kimiminika chenye nguvu inayojulikana ndani ya kile kinachopimwa, hadi kinachopimwa kiishe, kisha kusoma kiasi kilichotumika. Hapa kinachodondoshwa ni pamanganeti ya potasiamu, zile fuwele zinazogeuza maji kuwa ya zambarau. Mfaransa Frédéric Margueritte aliitumia hivyo mwaka 1846 kupima chuma, na tangu hapo haijatoka maabara.

Peroksaidi ni mbabe wa kupausha, lakini mbele ya pamanganeti ndani ya asidi inakutana na mbabe wake. Inavunjwa na kutoa mapovu ya oksijeni, na pamanganeti nayo inapoteza zambarau yake ikawa chumvi ya manganizi isiyo na rangi ya kuonekana:

```
2KMnO4 + 5H2O2 + 3H2SO4 → 2MnSO4 + K2SO4 + 8H2O + 5O2
```

Uzuri wa kipimo hiki uko hapo. Maadamu peroksaidi ipo, kila tone la zambarau linapotea. Peroksaidi ikiisha, tone linalofuata halina wa kulimaliza, na maji yote yanageuka waridi hafifu. Hakuna haja ya kuongeza dawa nyingine ya kuonyesha mwisho.

Tuchukue chupa ya devolopa ya maji, isiyo ya krimu, iliyoandikwa volumu 20. Ukiipima bila kuizimua utamaliza bureti nzima na bado hujafika popote. Kwa hiyo unavuta mililita 10 kwa pipeti, unazitia kwenye flaski ya mililita 250, unajaza maji safi ya maabara hadi kwenye alama na kutikisa vizuri. Kutoka humo unavuta mililita 25, ambazo ndani yake mna mililita 1 tu ya dawa yenyewe. Unaziongezea asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, kama mililita 25 hivi ya 1 M, na kuweka chombo juu ya kigae cheupe.

Bureti inajazwa pamanganeti ya 0.02 M. Tone la kwanza humshangaza mgeni: linakaa na rangi yake kwa sekunde kadhaa kana kwamba halitaki kufanya kazi. Usiongeze, tikisa na usubiri. Chumvi ya manganizi inayozaliwa na mmenyuko ndiyo inayouchochea, kwa hiyo ikishapatikana kidogo, matone yanayofuata hupotea papo hapo. Karibu na mwisho dondosha tone mojamoja. Waridi ikidumu nusu dakika, acha. Kwa kuwa pamanganeti ni nzito kwa rangi na mbonyeo wake hauonekani vizuri, bureti husomwa kwenye ukingo wa juu wa kimiminika, mwanzo na mwisho.

Kila mililita 1 ya pamanganeti hiyo humaliza miligramu 1.7 za peroksaidi. Devolopa iliyo nzima ingehitaji mililita 35 na kidogo. Tuseme chupa yetu imetumia 28.4. Zidisha kwa 1.7 upate miligramu 48.3 katika mililita moja ya dawa, yaani gramu 48.3 kwa lita, sawa na asilimia 4.8. Ukigawa 48.3 kwa 34, uzito wa moli moja ya peroksaidi, kisha ukazidisha kwa 11.2, unapata volumu 16 hivi. Chupa inasema 20. Imepoteza moja ya tano ya nguvu yake. Rudia hadi vipimo viwili vikaribiane ndani ya mililita 0.1, ndipo uandike jibu.

Makosa yake mengi huonekana kwa macho. Maji yakigeuka kahawia yenye tope, asidi haikutosha: pamanganeti imeishia njiani ikawa oksidi ya manganizi, na tope hilo nalo huivunja peroksaidi iliyobaki. Mwaga, anza upya. Asidi ya haidrokloriki haifai kwa sababu pamanganeti huishambulia na kutoa klorini. Ya nitriki nayo ni kioksidishaji, itaingilia hesabu.

Kosa lisiloonekana ni pamanganeti yenyewe. Haiaminiki kwa kupimwa kwenye mizani tu, maana huwa na uchafu kidogo na hudhoofika ikikaa kwenye mwanga. Hutunzwa kwenye chupa ya kahawia, na nguvu yake huhakikiwa kwanza kwa oksaleti ya sodiamu iliyopashwa moto hadi nyuzi 60 au zaidi. Gramu 0.1675 za oksaleti humaliza mililita 25 kamili za pamanganeti ya 0.02 M. Anayeruka hatua hii anapata namba, si kipimo.

Kisha kuna krimu. Devolopa nyingi za saluni zina mafuta, manukato na vihifadhi, na baadhi ya vitu hivyo huliwa na pamanganeti vilevile. Dalili yake ni waridi inayofika kisha ikafifia, ikafika tena, ikafifia tena, na jibu hutoka kubwa kuliko ukweli. Kwa bidhaa kama hizo mimi ningeiacha pamanganeti na kutumia iodidi ya potasiamu pamoja na thaiosalfeti na wanga, njia ambayo haisumbuliwi sana na vitu hivyo.

Wala usijaribu kipimo hiki kwa jiki ya kufulia. Hiyo ni haipokloriti, si peroksaidi, na ukiitia asidi itatoa gesi ya klorini inayoweza kukuua chumbani. Mwenye saluni anayetilia shaka shehena yake aipeleke chupa moja, ikiwa bado imefungwa, kwenye maabara ya kemia, na azilizobaki azihifadhi mahali pa baridi na giza, vifuniko vyake vya asili vikiwa juu yake, bila kurudisha chupani dawa iliyobaki kwenye bakuli.