Bomba la Oksijeni na Vali za Wodi: Hesabu ya Jengo la Vitanda 48 Ngonga, Kyela

Ngonga ni kata ya Wilaya ya Kyela, katika nchi tambarare iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mtungi wa oksijeni unaotoka mjini Mbeya husafiri zaidi ya kilomita 100 hadi kufika huko, ukipanda na kuteremka milima ya Rungwe. Mvua za masika zinapokuwa nyingi, mito ya Kyela hufurika na safari huchelewa. Kwa sababu hiyo, kituo cha afya au hospitali ya ukanda huu inayopanga kusambaza oksijeni kwa mabomba haina budi kujiuliza maswali mawili kabla ya fundi kukata bomba la kwanza: bomba liwe na unene gani, na vali za kufungia gesi ziwekwe wapi. Makala haya yanayajibu kwa kutumia jengo la kupigiwa mfano, lenye wodi tatu za vitanda 16 kila moja: ya wanaume, ya wanawake na ya watoto. Chumba cha oksijeni kipo mita 80 kutoka kwenye jengo hilo.

Oksijeni hutoka katika chumba chake ikiwa na shinikizo la kilopaskali 400, yaani bar 4. Mgonjwa havuti shinikizo hilo moja kwa moja. Muuguzi huchomeka kipima mtiririko kwenye tundu la ukutani, kisha hufungulia lita 2, 5 au 10 kwa dakika kadiri ya hali ya mgonjwa. Hata hivyo, kipima mtiririko husoma sawasawa pale tu shinikizo lililo nyuma yake linapotosha. Kwa mujibu wa HTM 02-01, mwongozo wa Uingereza unaotumiwa na wahandisi wa nchi nyingi, shinikizo kwenye tundu la mbali kabisa halipaswi kushuka chini ya kilopaskali 370 tundu hilo linapotoa lita 10 kwa dakika. Sehemu ya upungufu huo husababishwa na tundu lenyewe. Mabomba, kutoka chumba cha oksijeni hadi kwenye tundu hilo, huruhusiwa kupoteza asilimia 5, yaani kilopaskali 20.

Shinikizo hupotea kwa sababu gesi husuguana na kuta za bomba. Kadiri gesi inavyokwenda kasi, ndivyo msuguano unavyoongezeka, na ongezeko hilo haliendi sambamba na mtiririko. Mtiririko ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana bomba linaloonekana kutosha siku za kawaida linaweza kushindwa ghafla wagonjwa wa nimonia wanapojaa wodini.

Hesabu ya kawaida huanza na kukadiria ni wagonjwa wangapi watatumia oksijeni kwa wakati mmoja. HTM 02-01 inakihesabia kitanda cha kwanza lita 10 kwa dakika, na kila kitanda kinachofuata robo ya lita 6, kwa kuwa si kila mgonjwa aliyelazwa huhitaji oksijeni. Wodi ya vitanda 16 hupata hivi:

10 + (16 − 1) × 6/4 = 32.5

Hizo ni lita 32.5 kwa dakika. Wodi ya kwanza ya jengo huhesabiwa yote, na kila wodi inayoongezeka huhesabiwa nusu. Kwa hiyo jengo lenye wodi tatu huhitaji lita 65 kwa dakika. Bomba la shaba la milimita 15 hulibeba hitaji hilo bila taabu. Kwa urefu wa mita 80, ambao ukiongezewa fidia ya kona na viungo huhesabiwa kuwa mita 100, bomba hilo hupoteza takriban kilopaskali 2 tu.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo inaelezea wodi ya kawaida katika siku ya kawaida. Janga la Uviko-19 lilionyesha jinsi hesabu inavyoweza kubadilika. Shirika la Afya Duniani lilishauri kukadiria lita 10 kwa dakika kwa mgonjwa mahututi kiasi na lita 30 kwa aliye mahututi sana, na vifaa vya kupulizia oksijeni kwa kasi puani huweza kufikia lita 60 kwa mgonjwa mmoja. Tuseme basi kwamba katika jengo la Ngonga nusu ya vitanda, yaani 24, vina wagonjwa wanaotumia lita 10 kila mmoja. Mtiririko unakuwa lita 240 kwa dakika. Bomba la milimita 15 sasa linapoteza kama kilopaskali 20, na hivyo posho yote imekwisha kabla gesi haijaingia wodini. Wakiongezeka wagonjwa wanne wa lita 60, mtiririko unafika lita 480 na upotevu unakuwa takriban kilopaskali 66. Shinikizo linaloufikia mlango wa jengo ni kama kilopaskali 334, nalo ni dogo hata kabla ya kuhesabu mabomba ya ndani.

Kwa mtiririko huohuo wa lita 480, bomba la milimita 22 lingepoteza kilopaskali 10 hivi, na la milimita 28 lingepoteza 3 tu. Tofauti hii kubwa inatokana na kipenyo: bomba likipanuka kidogo, msuguano hupungua sana. Hapo bado kuna tawi la wodi. Tuseme wagonjwa wanne wa lita 60 wamelazwa katika wodi moja pamoja na wanane wa lita 10. Wodi hiyo inavuta lita 320, na tawi lake la milimita 15 lenye urefu wa mita 30 litapoteza kama kilopaskali 10. Likiunganishwa na bomba kuu la milimita 22, jumla inakuwa 20, na hakuna akiba iliyobaki. Likiunganishwa na la milimita 28, jumla ni 13. Kwa jengo hili, basi, bomba kuu la milimita 28 ndilo chaguo la busara. Gharama ya shaba iliyoongezeka hulipwa mara moja, ilhali kubomoa dari ili kubadili bomba jembamba kunawalazimu wagonjwa kuhamishwa.

Bomba nene, hata hivyo, halizalishi oksijeni. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukikabiliwa na mtiririko wa lita 240 kwa dakika huisha katika dakika 28. Mitungi kumi ya aina hiyo huisha kabla ya saa tano. Ukubwa wa mtambo au wa akiba ya mitungi ni hesabu ya pili, inayopaswa kufanywa sambamba na hii.

Mhudumu anaweza kutambua kama tatizo ni bomba au ni chanzo kwa kulinganisha geji mbili: iliyo katika chumba cha oksijeni na iliyo wodini. Ikiwa geji ya chumbani inasoma 400 wakati ile ya wodini inashuka kila wagonjwa wanapoongezeka, kisha inapanda wanapopungua, bomba lililo kati yake ni jembamba au kuna vali iliyofunguliwa nusu. Ikiwa geji zote mbili zimeshuka pamoja, tatizo ni chanzo au kirekebishi cha shinikizo. Taarifa hiyo ndogo humwokolea fundi siku nzima ya kutafuta.

Swali la pili ni vali. Jengo la mfano lingeweza kuwekewa vali moja mlangoni, na gharama ingekuwa ndogo. Lakini tuseme usiku mmoja tundu la ukutani katika wodi ya watoto linavunjika na kuanza kuvuja. Muuguzi mwenye vali moja ana njia mbili tu: kuacha oksijeni ijae chumbani, ambako cheche ndogo huweza kuwa moto mkubwa, au kuwakatia gesi wagonjwa wote wa vitanda 48. Kila wodi ikiwa na vali yake, anafunga wodi moja, na wodi mbili zinaendelea kupumua. Vali ya nje ya kulitenga jengo zima huwekwa pia, lakini hiyo ni ya fundi na hubaki imefungiwa kwa kufuli katika hali ya kufunguka.

Vali ya wodi huwekwa katika kisanduku ukutani, nje ya chumba chenye vitanda, kwenye njia ya kutokea na karibu na meza ya wauguzi. Kimo chake huwa kati ya mita 1 na 1.8, ili mtu afikie bila ngazi wala kuinama. Sababu ya kuiweka nje ni dhahiri: wodi ikishika moto, anayefunga gesi asilazimike kuingia motoni. Katika nchi ya mafuriko kama Kyela kuna sababu nyingine ya kuzingatia kimo. Bomba kuu hupitishwa juu, chini ya paa la njia ya kupitia wagonjwa, wala halizikwi katika udongo unaojaa maji.

Ndani ya kisanduku mpangilio una maana yake. Kwanza huja vali, ambayo hufungwa kwa kuzungushwa robo mzunguko. Baada yake, upande wa wodi, huwekwa geji na kihisi cha king'ora. Kihisi kikiwekwa kabla ya vali, mtu anaweza kuifunga kwa makosa na king'ora kisilie, kwa sababu shinikizo la upande wa chanzo halijabadilika. Kikiwekwa baada ya vali, shinikizo la wodi likishuka kwa asilimia 20, yaani hadi kilopaskali 320, king'ora hulia. Upande huohuo wa wodi huwekwa pia kiunganishi cha dharura. Vali ikiwa imefungwa kwa matengenezo ya bomba kuu, mtungi mkubwa wenye kirekebishi chake huunganishwa hapo. Wagonjwa wanane wa lita 10 watahudumiwa na mtungi wa lita 6,800 kwa dakika 85, muda wa kutosha kuleta mwingine kutoka stoo.

Kosa linalojificha kwa muda mrefu kuliko mengine yote ni kibao kisichosema kweli. Wodi hubadilishwa matumizi, ukuta huongezwa, matundu mawili mapya huunganishwa na tawi la jirani, na maandishi ya kisanduku hubaki yaleyale. Siku ya dharura muuguzi hufunga "wodi ya watoto" na kumkatia oksijeni mama aliye upande wa pili. Kipimo chake ni rahisi. Baada ya kila mabadiliko ya jengo, matundu yakiwa hayana mgonjwa au wagonjwa wakiwa wamehamishiwa kwenye mitungi, vali moja hufungwa na gesi ya upande wa wodi huachwa itoke. Kila tundu la jengo hujaribiwa kwa kipima mtiririko. Yaliyokufa yaandikwe kwenye kibao cha vali hiyo, na yanayotoa gesi yasiandikwe. Kisha vali hufunguliwa kikamilifu na inayofuata hujaribiwa.

Mwenye mamlaka ya kufunga vali wakati wa moto au uvujaji ni muuguzi kiongozi wa zamu, na kabla ya kufunga huhakikisha kila anayetumia oksijeni katika wodi hiyo amepewa mtungi mdogo. Mtungi wa lita 680 humpa mgonjwa wa lita 10 kwa dakika saa 1 na dakika 8. Mgonjwa na ndugu anayemuuguza hawakigusi kisanduku hicho, wala hawaweki kiti, ndoo au kitanda mbele yake. Wakisikia sauti ya gesi ikivuma ukutani, au wakiona kipira cha kipima mtiririko kimeshuka bila mtu kukigusa, wamwite muuguzi papo hapo.