Nani Mkimbizi Ndani ya Basi la Mitundu?

Maswali ya sheria ya wakimbizi kwenye pastipepa yana mtego wa aina moja. Wanakupa mtu, wanakupa njia aliyopita, halafu wanakuletea afisa anayedai karatasi. Wengi wetu tunaikimbilia hiyo karatasi. Tunaandika kwamba hana kibali, hajasajiliwa, amekutwa mbali na kambi, kwa hiyo si mkimbizi na arudishwe alikotoka. Alama zinapotea hapo. Nje ya chumba cha mtihani, watu wamepoteza maisha hapo hapo.

Nimetunga kisa na kukiweka kwetu Mitundu, wilayani Itigi. Nimepachagua makusudi, maana hakuna mpaka wala kambi karibu, ni alizeti na asali tu, kwa hiyo hoja ya "amekutwa wapi" inasikika kuwa na nguvu sana. Tuseme ni mwishoni mwa 2015. Basi la kutoka Itigi linasimamishwa na abiria watatu wanashushwa. Mmoja ni mama wa Fizi, Kivu Kusini. Makundi yenye silaha yalipigana kijijini kwao, nyumba zikaungua, akavuka Ziwa Tanganyika kwa boti. Hakuna aliyekuwa akimtafuta yeye kama yeye. Mwingine ni kijana wa Bujumbura. Kaka yake aliandamana Aprili mwaka huo kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, kisha akatoweka, na vijana wa chama tawala, Imbonerakure, wakaja nyumbani mara mbili kumuulizia huyu mdogo. Mwenyewe hajawahi hata kupiga kura. Wa tatu ni mzee aliyekimbia Burundi mwaka 1972 akaishi makazi ya Mishamo. Nani kati yao ni mkimbizi, na nani anaweza kurudishwa?

Tuanze na kijana, maana ndiye anayekaa vizuri kwenye Mkataba wa Geneva wa 1951. Mkataba huo unataka mtu awe nje ya nchi yake, awe na hofu yenye msingi ya kuteswa, na mateso hayo yatokane na mojawapo ya sababu tano: asili yake, dini, uraia, kundi fulani la kijamii, au maoni yake ya kisiasa. Itifaki ya 1967 iliondoa kikomo cha matukio ya kabla ya 1951, ndiyo maana mtu wa Bujumbura anaingia. Sasa mtego: kijana hana siasa. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika "hana maoni ya kisiasa, sababu ya tano inaanguka." Lakini ukisoma vizuri utaona kwamba kinachotazamwa ni kichwa cha mtesaji. Kama Imbonerakure wanamhesabu kuwa mpinzani kwa sababu ya kaka yake, basi kwao ni mpinzani, na kipigo hakitamuuliza kadi ya chama. Hofu yake pia haihitaji ushahidi wa kumfunga mtu jela. Inatosha kuwe na uwezekano wa maana kwamba jambo litatokea, na ukionyesha kaka aliyetoweka pamoja na zile ziara mbili, umeuonyesha.

Kuna jambo la mwaka pia, na ukilitaja msahihishaji anakaa sawa kwenye kiti. Warundi walioingia 2015 serikali yetu iliwatambua kwa mkupuo, kama kundi, bila kumhoji mmoja mmoja. Utaratibu huo ulisitishwa Januari 2017. Kwa hiyo kwenye swali la kisa usiruke tarehe hata kidogo.

Mama wa Fizi ndiye anayeangusha watu. Ukimpima kwa Geneva peke yake anakwama, kwa sababu risasi za kijijini hazikumlenga kwa dini wala kwa siasa. Wengi wanaishia hapo na kumpeleka kwenye fungu la "wahanga wa vita, si wakimbizi." Jamani, hii ni Afrika! Mkataba wa OAU wa 1969, uliopitishwa Addis Ababa, uliongeza mlango wa pili: mtu aliyelazimika kuacha makazi yake na kwenda nje ya nchi kwa sababu ya uvamizi, ukaliaji au utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga vikali amani ya umma. Mlango huu hauulizi kama ulilengwa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998, kifungu cha 4, imeichukua milango yote miwili. Mama anapita kwa huu wa pili bila kuinama.

Afisa anaweza kusema Kongo ni kubwa, kwa nini asingekwenda Lubumbashi? Hoja hiyo ina uzito wake chini ya Geneva. Chini ya mkataba wa OAU inapwaya, kwa sababu maneno yake yanasema vurugu ziwe katika sehemu ya nchi au nchi nzima. Sehemu inatosha. Lakini mwalimu akibadilisha kisa kidogo, akasema mama aliondoka kwa sababu mihogo ilioza na biashara ikafa, na hakuna mapigano yaliyohusika, hapo milango yote miwili inafungwa. Tutamhurumia, ila si kwa sheria hii.

Mzee ni mtego wa upande wa pili. Ana historia yote ya ukimbizi, ila mwaka 2010 serikali iliwapa uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000 kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Mpango wa awali ulikuwa hata kuwahamishia mikoa mingine. Kama cheti chake kimo mfukoni, ukimbizi wake umekoma kwa kupata uraia mpya. Hahitaji kulindwa asirudishwe, kwa kuwa hana pa kurudishwa: ni Mtanzania aliyepanda basi.

Turudi kwa wale wawili wasio na karatasi. Mtu hawi mkimbizi kwa kugongewa muhuri. Anakuwa mkimbizi siku anapotimiza masharti, na uamuzi wa serikali unatangaza tu kilichokuwepo. Ndiyo maana kanuni ya kutorudishwa, ile yenye jina la Kifaransa linalotutoa jasho kwenye semina, inamshika mtu kabla hajasajiliwa. Ibara ya 33 ya Geneva inakataza kumrudisha kwa namna yoyote ile mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu zile tano. Ibara ya II ya OAU inataja waziwazi hata kumkatalia mpakani. Na kumpeleka nchi nyingine salama, ambayo nayo itamsukuma hadi kwa watesi wake, ni kumrudisha kwa mzunguko.

Geneva ina mwanya: mtu aliye hatari kwa usalama wa nchi, au aliyehukumiwa kwa kosa zito sana. Ni mwanya mwembamba, unampima mtu mmoja mmoja. Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na karibu nusu milioni wakarudi, wengine wakisukumwa na jeshi walipojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Kulikuwa na wauaji ndani ya kundi lile, ni kweli, ila hakuna aliyewachambua. Mwezi uliofuata Warundi zaidi ya 100 walikabidhiwa upande wa pili wa mpaka, Kobero, na wengi wao waliuawa na askari mara tu walipofika.

Kwa hiyo pale Mitundu afisa anaweza kufanya nini kihalali? Anaweza kuwahoji. Kama walishapangiwa makazi, anaweza kuwashtaki kwa kutoka bila kibali, kwa sababu sheria yetu inawataka wakimbizi wakae maeneo yaliyotengwa. Anaweza kuwasafirisha Kigoma, mama Nyarugusu na kijana Nduta, wakasajiliwe. Mzee anarudishiwa cheti chake na kupanda basi kabla halijaondoka. Lori la kwenda Kobero halimo kwenye orodha.